Barua ya kumshukuru mwalimu wa darasa la nne: ombi la darasa la tano liingie humo humo, au liwe na barua yake?

#1 Mama_Konde

Assalaam alaykum. Skuli zinakaribia kufungwa na nina barua ambayo nimeiandika na kuichana mara kadhaa, kwa hiyo naomba rai zenu.

Mwanangu wa kiume ana umri wa miaka kumi, amemaliza darasa la nne, na Januari in shaa Allah ataingia la tano. Ana kigugumizi tangu utotoni. Alipokuwa darasa la tatu alikuwa akiumwa tumbo kila siku ambayo alijua kuna kusoma kwa sauti, na mara nyingi nilimwacha nyumbani. Mwaka huu maumivu hayo yamekwisha kabisa, na nilipomdadisi nikagundua kwamba mwalimu wake wa darasa alikuwa akifanya mambo ambayo hakuna mtu aliyemwomba. Wakati wa kuita majina alikubaliana naye anyanyue mkono badala ya kuitikia. Katika kusoma kwa sauti alimpanga asome pamoja na jirani yake wa dawati, sauti mbili kwa wakati mmoja, na baada ya mistari michache jirani hunyamaza na yeye huendelea peke yake. Tena aliliambia darasa zima kwamba hakuna ruhusa ya kummalizia mtu neno lake.

Rasimu yangu ni hii:

"Kwa Mwalimu wa Darasa la Nne. Assalaam alaykum. Mimi na baba yake tunatoa shukurani zetu za dhati kwa juhudi zako kubwa kwa mtoto wetu katika mwaka mzima. Mwenyezi Mungu akulipe kheri. Tunakuomba pia usichoke kuendelea kumsaidia atakapokuwa darasa la tano, kwani bila ya wewe tuna khofu kwamba atarudi nyuma. Wako, mzazi."

Mume wangu anasema ombi linaiharibu shukurani. Mama mkwe anasema mtu huombwa akiwa ameridhika, kwa hiyo hapo ndipo mahali pake. Nyinyi mnaonaje?

#2 Karani_Mstaafu

Mume wako yuko sawa. Nimefanya kazi ya masjala muda mrefu na kanuni tuliyofundishwa ni kwamba barua moja hubeba jambo moja. Barua yenye mambo mawili hujibiwa moja, na mara nyingi hujibiwa lile jepesi. Mwalimu atasema "nashukuru kwa kunishukuru", na ombi litabaki pale pale. Andika shukurani peke yake, kisha ombi liandikie barua rasmi kwa mwalimu mkuu, yenye kichwa cha habari, tarehe na anuani.

#3 Baba_Bububu

Dada, hilo usiliandikie barua hata kidogo. Masomo ya ziada hupangwa kwa maneno ya mdomo baina ya mzazi na mwalimu, mkakubaliana siku na malipo. Mimi wangu wawili walisomeshwa nyumbani na mwalimu wao wa zamani kwa mwaka mzima baada ya kupanda darasa, na walipanda vizuri. Ukiweka kwenye maandishi utamtia mwalimu matatani.

#4 Mama_Konde

Ahsante kaka, lakini sitafuti masomo ya ziada. Alama zake si mbaya, na hisabati ndiyo anayoiongoza. Ninachotaka ni yale mambo matatu niliyoyataja yasikatike Januari kwa sababu tu amebadilisha chumba.

#5 Bi_Mwalimu_Mkoani

Wa alaykum salaam mwanangu. Nimesomesha skuli za msingi Pemba hadi kustaafu, na barua za aina hii nimezipokea nyingi, kwa hiyo niruhusu nirefushe kidogo.

Tatizo la rasimu yako halipo katika swali la barua moja au mbili. Lipo katika maneno "juhudi zako kubwa". Huyo mwalimu alifanya mambo matatu mahsusi, wewe umeyaeleza vizuri hapa kwetu, halafu katika barua yenyewe hukulitaja hata moja. Mwalimu anayefanya jambo kama hilo mara nyingi hana hakika kama linafaa, kwa sababu hakuna anayemrudishia habari kutoka nyumbani. Ukimwandikia kwamba maumivu ya tumbo ya asubuhi yamekwisha, umempa kitu ambacho hawezi kukiona akiwa darasani. Hiyo ndiyo shukurani. Na papo hapo umemwandikia mwalimu ajaye maelezo ya kazi, ijapokuwa barua haikuelekezwa kwake.

La pili ni ombi lenyewe. Unamwomba mwalimu wa la nne aendelee kumsaidia mtoto wa la tano. Atafanyaje? Pengine atapewa tena darasa la nne, pengine atashushwa la kwanza, pengine atahamishwa skuli. Pia kuna skuli zetu zenye zamu mbili, na mtoto akihamia zamu ya mchana, huyo mwalimu wa asubuhi hatamwona kabisa. Umemwomba kitu kisichokuwa mikononi mwake, na mtu akiombwa hivyo hujibu "in shaa Allah" na mambo yakaishia hapo. Kilicho mikononi mwake ni kimoja: kuzungumza na mwenzake kabla ya kuachana na darasa, na kumwachia maelezo ya nusu ukurasa. Mwombe hilo, na litaingia katika barua ile ile ya shukurani bila ya kuiharibu, kwa sababu ni mwendelezo wa kile unachomshukuru kwacho.

La tatu, ile sentensi ya "bila ya wewe tuna khofu atarudi nyuma" iondoe. Unamsifu huyu kwa kumtilia shaka yule ambaye hujamjua. Barua hizi husomwa ofisini kwa walimu.

#6 Karani_Mstaafu

Bi Mwalimu, nakubali kuhusu kutaja mambo mahsusi, lakini nakala kwa mwalimu mkuu lazima iwepo. Bila ya nakala ofisini, hiyo ni karatasi iliyomo mkobani mwa mtu mmoja, naye akihamishwa huondoka nayo.

#7 Nahodha_Mkokotoni

Mimi ni mtu mzima mwenye kigugumizi na jambo hili limenigusa sana. Nataka kuwaeleza wasiokuwa nacho kwa nini kuita majina ni mtihani. Neno gumu kuliko yote kwetu ni lile ambalo huwezi kulibadilisha. Nikiona "samaki" litanikwama, nitasema "kitoweo". Jina langu sina la kulibadilisha, wala "nipo" haina mbadala, tena inatakiwa mara moja na watu wote wamenyamaza. Pia kusoma kwa zamu kutoka dawati la kwanza hadi la mwisho ni adhabu, kwa sababu unahesabu watu waliobaki kabla yako na husikii hata neno moja la wanachosoma. Mwalimu mmoja alinigundua, akawa ananiita wa pili au wa tatu bila ya mpangilio, na hilo peke yake lilinifungua.

Ila dada, chunga jambo moja katika ombi lako. Usiombe asamehewe kusema. Mimi kuna mwaka nilisamehewa kila kitu, sikuulizwa swali hata moja, na mwisho wa mwaka nilikuwa nimenyamaza zaidi kuliko nilivyoanza. Mwalimu yule alikuwa na nia njema. Utaratibu wa mwalimu wa mwanao unampa njia ya kuingia katika kusema, na ndiyo maana ni mzuri. Andika waziwazi kwamba hutaki aachwe.

#8 Dada_Mwera

Dada yangu aliandika barua kama hii mwaka juzi kwa ajili ya binti yake ambaye sikio moja halisikii. Ilikuwa barua nzuri, ya kurasa mbili, alimshukuru mwalimu na kumwomba amweleze mwalimu wa darasa linalofuata kwamba mtoto akae mbele upande wa kushoto ili sikio zima lielekee ubaoni. Muhula wa kwanza ukaisha mtoto akiwa dawati la nyuma kabisa. Hatukupata jawabu kwa nini. Je, barua ilipotea, au ilipuuzwa?

#9 Mwalimu_Kijana

Nasomesha hivi sasa, na nitasema linalowezekana bila ya kumtetea mtu. Januari mwalimu anapokea darasa la watoto hata sitini, wengine hajui majina yao hadi mwezi wa pili, na wiki za mwanzo madawati hupangwa na kupanguliwa. Barua ya kurasa mbili iliyoandikwa Disemba kwa mtu mwingine haimfikii, na ikimfikia ataiweka aisome akipata nafasi. Lingekuwa kikaratasi cha mistari mitatu kimebandikwa ndani ya jalada la daftari la mtoto, mwalimu angekiona siku ya kwanza ya kusahihisha. Kwa hiyo mimi nasema urefu ndio uliomwangusha.

#10 Karani_Mstaafu

Mimi nasema haikuwa na nakala ofisini. Rejeeni ujumbe wangu wa 6.

#11 Mwenyeji_wa_Tanga

Nachangia kutoka ng'ambo ya pili. Huenda mwalimu aliyepokea barua alihamishwa na TAMISEMI katikati ya likizo, na huyo mpya hakukuta chochote. Kwetu hutokea sana. Na Mama Konde asiwe na haraka, mtoto bado ana darasa la tano, la sita na la saba mbele yake, muda wa kumjenga upo.

#12 Mwalimu_Kijana

Karibu ndugu yetu wa Tanga. Uhamisho wa likizo unatokea hata huku, kwa hiyo hoja yako ina uzito, lakini walimu wa msingi wa Zanzibar hawako chini ya TAMISEMI. Elimu ya juu ndiyo ya Muungano. Skuli zetu ziko chini ya Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali ya huku. Na elimu ya msingi kwetu huishia darasa la sita, kwa hiyo mtoto akiingia la tano amebakiza miaka miwili tu, na huo wa pili ni wa mtihani.

#13 Bi_Mwalimu_Mkoani

Dada Mwera, kuna sababu nyingine ambayo hakuna aliyeitaja. Yawezekana barua ilifika, ikasomwa, na mwalimu mpya akaona amepangiwa kazi na mtu asiyemjua. "Fulani alimweka mbele kushoto, nawe fanya hivyo hivyo" ni maneno mazito kwa mtu ambaye mzazi hajamsalimia hata mara moja. Sisemi ni haki kufanya hivyo kwa mtoto asiyesikia. Nasema nimeyaona ofisini.

Ndiyo maana ushauri wangu kwa Mama Konde ni barua kwa mwalimu wa sasa kabla ya kufunga, kisha yeye mwenyewe aende Januari kwa mwalimu mpya akiwa na karatasi fupi, baada ya kujulikana nani amepewa darasa. Siku ya kufungua skuli haifai, kwa kuwa siku hiyo mwalimu hana sikio. Katikati ya wiki ya pili panafaa zaidi.

#14 Dada_Mwera

Ahsanteni. Kila sababu naiona inawezekana. Barua haikuwa na nakala, ilikuwa ndefu, na mwalimu mpya kweli alitoka skuli nyingine.

#15 Ustadhi_Ole

Assalaam alaykum. Nina chuo cha Kur-ani na miongoni mwa wanafunzi wangu yumo kijana mwenye kigugumizi. Chuoni hakwami hata herufi. Anasoma juzuu nzima kwa sauti nzuri. Hili linanionyesha kwamba ulimi wake ni mzima na tatizo ni woga wa skuli. Kwa hiyo badala ya kumwekea utaratibu maalumu, barua ingemwomba mwalimu amzoeshe kusimama mbele ya wenzake hadi woga umtoke.

#16 Nahodha_Mkokotoni

Ustadhi, wa alaykum salaam. Mimi pia nilikuwa hivyo chuoni, na hata leo nikisoma Kur-ani au kasida sikwami. Nikishusha msahafu na kuulizwa bei ya nguru nakwama papo hapo, na mbele ya muuza samaki sina woga wowote. Kisomo kina mahadhi na maneno yake yamekwisha kupangwa, na tukisoma kwa pamoja sauti za wenzangu hunibeba. Watu wengi wenye kigugumizi hutiririka wakiimba au wakisoma kwa pamoja. Nakuomba usilichukulie kuwa ni ushahidi kwamba mtoto anajifanya au anaogopa tu.

#17 Bi_Mwalimu_Mkoani

Ustadhi ameleta jambo muhimu ingawa naliona kinyume chake. Ile njia ya mwalimu ya sauti mbili inatumia kitu kile kile anachokiona chuoni. Jirani anamsaidia kuanza, na kuanza ndiko kugumu. Ila tusimpe Mama Konde matumaini yasiyokuwapo: kusoma kwa pamoja hakuondoi kigugumizi, na jirani akinyamaza mtoto anaweza kukwama baada ya mistari michache. Faida yake ni kwamba amesoma, darasa limemsikia, na kesho yake anarudi skuli.

Kumsimamisha mbele ya wenzake hadi azoee nimeona kukifanywa. Watoto wengine hujibu kwa kuacha kujibu.

#18 Ustadhi_Ole

Nimefahamu kuhusu kisomo. Bado naamini mtoto akilindwa kupita kiasi hadhoofiki ulimi tu bali hudhoofika moyo, na hapo nadhani mimi na Nahodha hatuko mbali.

#19 Mwalimu_Kijana

Niongeze la darasa la tano lenyewe, kwa sababu si darasa kama mengine. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 ndiyo iliyoweka hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Sasa rejeeni maneno ya Nahodha katika ujumbe wa 7, kwamba neno likikwama hutafuta jengine. Mtoto anayeanza kusoma sayansi kwa Kiingereza hana neno jengine. Anajua moja, na hilo likikwama atasema "sijui", kwa sababu "sijui" inatoka. Mwalimu asiyeelezwa ataandika kwamba mtoto haelewi somo.

Njia ya kulijua hilo ni rahisi. Mwalimu alinganishe daftari na mdomo. Kama mtoto anaandika jawabu sahihi la swali ambalo jana yake alisema halijui, basi hakukosa jawabu. Mama Konde alisema hisabati ndiyo anayoiongoza, kwa hiyo katika karatasi ya Januari aliandike hili kabla ya jengine lolote. Mimi ningependa kuambiwa.

#20 Baba_Bububu

Sasa nimefahamu mnachozungumza, na hili la "sijui" limenifungua macho kuhusu mdogo wangu. Swali moja tu: barua iende mikono mitupu? Halua ya Wete kilo moja haina ubaya.

#21 Bi_Mwalimu_Mkoani

Halua haina ubaya, ila isifuatane na barua yenye ombi. Mpe Idi, au mtoto akimaliza la sita. Ukiviweka pamoja umempa mwalimu mzigo wa kujiuliza kama amenunuliwa, na wenzake ofisini hawatajiuliza, watasema.

#22 Baba_Bububu

Basi kilo hiyo nitaila mwenyewe kwa kahawa hadi Idi. Ahsante Bi Mwalimu.

#23 Mama_Konde

Nimewasoma wote na nimekaa na mume wangu. Tumeandika mbili. Ya kwanza atapelekewa mwalimu wiki hii:

"Kwa Mwalimu wa Darasa la Nne. Assalaam alaykum warahmatullah.

Mwaka jana mtoto wetu alikuwa akiumwa tumbo asubuhi za kusoma kwa sauti, na siku nyingine hakuja skuli. Mwaka huu hilo halikutokea. Ametueleza kwamba ulimruhusu kunyanyua mkono wakati wa kuitwa majina, ulimpanga asome pamoja na jirani yake kabla ya kuendelea peke yake, na ulilikataza darasa kummalizia maneno. Hatukukuomba hayo, uliyaona mwenyewe. Tunakushukuru sana, na tumetaka ujue kwamba matokeo yake tumeyaona nyumbani.

Tunajua kwamba mwakani huenda usiwe naye. Tunakuomba, kabla ya kukabidhi darasa, umweleze mwalimu atakayempokea nini kilifaa na nini hakikufaa, kwa mdomo au kwa maandishi mafupi. Hatuombi aachwe bila ya kuulizwa au kusoma. Tunaomba apewe njia ya kuanza kama ulivyompa wewe.

Mwenyezi Mungu akujaalie kheri. Wazazi wake. Nakala: Mwalimu Mkuu."

Na hiki ni kikaratasi cha Januari, ambacho nitakipeleka kwa mkono wiki ya pili:

"Mwalimu, assalaam alaykum. Mtoto wetu ana kigugumizi. Akisema 'sijui', tafadhali tazama na daftari lake, kwani mara nyingine jawabu analo ila neno limekwama. Mwaka jana ilimsaidia kunyanyua mkono wakati wa majina na kuanza kusoma pamoja na mwenzake. Wewe ndiye utakayeona linalofaa katika darasa lako, na tuko tayari kuitwa wakati wowote. Namba yetu iko nyuma."

#24 Karani_Mstaafu

Nakala imewekwa. Nimeridhika. Ningeongeza tarehe, kwa sababu barua isiyo na tarehe haina umri, na akija mwalimu mkuu mwengine hatajua ni ya mwaka gani.

#25 Mwalimu_Kijana

Kikaratasi cha pili ningekisoma nimesimama. Sentensi ya "wewe ndiye utakayeona linalofaa" ibaki, usiiondoe hata mtu akikuambia ni unyenyekevu mno. Na "nini hakikufaa" katika barua ya kwanza ni ombi zuri, kwa sababu pengine alijaribu mambo mengine kabla ya hayo matatu na mtoto hakukueleza.

#26 Nahodha_Mkokotoni

Nina swali moja ambalo hakuna aliyeliuliza. Mtoto amesomewa barua hizi? Ana miaka kumi. Mimi mama yangu aliwahi kumwambia mwalimu kuhusu mimi bila ya kunieleza, na siku mwalimu alipobadilika ghafla kwangu nilidhani kwamba watu wote wamekaa kunizungumza. Pia Januari huenda akataka kuitikia jina lake mwenyewe badala ya kunyanyua mkono, na karatasi yako itakuwa imemfungia mlango huo.

#27 Bi_Mwalimu_Mkoani

Hilo la pili la Nahodha ni kweli tupu. Watoto hubadilika katika likizo. Ila la kumsomea barua zote mbili sina hakika nalo. Nimeona watoto waliokuwa hawajui kwamba jambo lao ni kubwa, na siku walipoona linaandikiwa barua na nakala kwa mwalimu mkuu wakaliona kubwa. Mimi ningemuuliza tu anataka nini Januari, nisimwonyeshe karatasi.

#28 Nahodha_Mkokotoni

Tunatofautiana hapo Bi Mwalimu, kwa heshima zote. Anajua kwamba ni kubwa. Ndiye aliyekuwa akiumwa tumbo.

#29 Mama_Konde

Ahsanteni nyote. Jana usiku nilimuuliza bila ya kumwonyesha barua. Amesema mkono anautaka hadi atakapojua mwalimu mpya ni nani, na kusoma na mwenzake anataka, lakini amchague yeye mwenyewe, kwa sababu jirani wa mwaka huu husoma mbio na humwacha nyuma. Hilo la jirani nilikuwa silijui, na mwalimu pia nadhani hakulijua. Nimelitia katika kikaratasi: "na mwenzake atakayemchagua". Kuhusu kumsomea barua yenyewe bado mimi na baba yake tunazungumza. Yeye yuko upande wa Nahodha. Tarehe nimeandika. Barua ya kwanza inaondoka Alkhamisi.

#30 Dada_Mwera

Mama Konde, naomba ruhusa dada yangu akitumie kikaratasi chako kwa kubadilisha kigugumizi kuwa sikio. Binti anaingia darasa la sita na hadi leo bado amekaa nyuma.

#31 Mama_Konde

Akitumie, bila ya kuomba. Na asimwandikie mwalimu tu "mbele kushoto". Aeleze sikio lipi ndilo zima, kwa sababu wakigeuza madawati kushoto hakutakuwa kushoto tena.